Kumkaribisha mwenzako aliyeugua muda mrefu: pole moja inatosha

*"Mwenzetu wa idara ya hesabu amekuwa nje miezi 7 kwa ugonjwa na anarudi Jumatatu. Tuko 11, na nimechaguliwa kuandika ujumbe wa kumkaribisha. Rasimu yangu ni hii: 'Pole sana dada yetu kwa mateso yote uliyopitia. Tulilia na kuomba usiku na mchana, wengine tulishakata tamaa. Wewe ni shujaa. Bila wewe kazi zilitulemea mno. Usijichoshe, kazi ngumu tutakufanyia. Ukihitaji lolote tuambie. Ugua pole.' Mwenzangu ameisoma akasema inafanana na rambirambi. Naona ana haki, lakini nikiondoa pole zote naonekana sijali. Nifanyeje?"*

Hebu tuisome rasimu yako kama atakavyoisoma yeye. Ina sentensi 7. Tano zinazungumzia ugonjwa wake au udhaifu wake, moja inazungumzia taabu yenu, na moja inamngoja aombe msaada. Hakuna hata moja inayosema mmefurahi. Hakuna inayoitaja Jumatatu, meza yake, au kitu chochote anachokifanya vizuri kazini. Mtu asiyemjua akiisoma hatajua kama huyu dada ni mhasibu, dereva au mpishi. Atajua tu kwamba aliumwa sana na kwamba kuna watu waliohuzunika. Hapo ndipo harufu ya rambirambi inapotoka, wala si kwamba umeandika kwa moyo mbaya.

Huruma inayoumiza hujengwa na mahali unapomweka mtu ndani ya sentensi. Ukisema "pole kwa mateso uliyopitia", yeye ni mgonjwa na wewe ni mzima unayemtazama kitandani. Ukisema "Jumatatu tunakuona", nyote wawili mko upande mmoja wa mlango wa ofisi. Miezi 7 amekuwa akiitwa mgonjwa na kila mtu: daktari, ndugu, jirani, hata simu zinazompigia jioni. Kazini ni moja ya sehemu chache ambako ana jina jingine. Ujumbe wenu ukimwita mgonjwa tena, mnamnyang'anya kile anachokifuata Jumatatu.

Sasa kuhusu hofu yako ya kuondoa pole zote: usiziondoe zote. Kwa mtu anayezungumza Kiswahili, kumwona aliyeugua bila kumpa pole ni kama kumpita bila salamu. Atajiuliza kama mna kinyongo, au kama kuna jambo limesemwa nyuma yake. Pole ni adabu, na adabu ina kipimo chake. Moja inatimiza wajibu, ya pili inaanza kuuliza kama kweli amepona, na ya tatu inamfanya mtu atafute kiti akae. Kwa hiyo toa moja, fupi: "Pole kwa kuugua." Usiiongezee "sana", wala "mateso", wala "yote uliyopitia". Na uiweke karibu na mwanzo, baada ya furaha. Sentensi ya mwisho ndiyo inayobaki kichwani mtu akishaweka simu chini, na hutaki iliyobaki iwe pole.

Hiyo "ugua pole" iliyofunga rasimu yako iondoe kabisa. Tunamwambia hivyo mtu aliye bado kitandani. Ukimwambia anayerudi kazini, unamwambia bila kukusudia kwamba kwako bado ni mgonjwa.

Upande wa pili kuna kosa ambalo watu hulifanya wakikimbia huruma: wanaandika "hongera kwa kupona kabisa". Kurudi kazini si cheti cha kupona. Wengi hurudi wakiwa bado wanameza dawa, wana tarehe za kliniki, au wameruhusiwa kufanya saa chache kwa wiki za mwanzo. Ukimpongeza kwa kupona, unamlazimisha achague kati ya kukusahihisha, ambako kunamrudisha kwenye mazungumzo ya ugonjwa, na kunyamaza, ambako kunampa mzigo wa kujifanya mzima mbele yenu kila siku. Sherehekea unachokijua kwa hakika: anarudi, na mmefurahi. Afya yake iache iwe yake.

Tupite sasa kwenye sentensi nyingine moja moja, maana kila moja ina ugonjwa wake.

"Tulilia na kuomba usiku na mchana, wengine tulishakata tamaa." Nusu ya pili inamwambia kwamba mlishamzika mioyoni. Hata kama ni kweli, si habari ya kumpa mtu asubuhi ya kwanza kazini. Kuomba mliomba, na kama ndivyo mnavyozungumza siku zote idarani kwenu, "tunamshukuru Mungu" mara moja inakaa vizuri. Kilio kiache, kwa sababu ya jambo dogo ambalo wengi hawalioni: mtu akiambiwa kwamba wengine walilia kwa ajili yake, huhisi ana deni la kuwafariji. Anakuja kupokewa, anajikuta anawabembeleza wenyeji.

"Wewe ni shujaa." Ni sifa, naam, lakini ni sifa ya kuugua. Wengi walioumwa muda mrefu hawakujiona mashujaa: walikunywa dawa, walichoka, kuna siku waliogopa, kuna siku walikasirika. Ukimpa cheo hicho, siku atakayochoka saa nane mchana atahisi amekiangusha. Kama unataka kumsifu, msifu kwa kitu alichokuwa nacho kabla ya ugonjwa na atakachokuja nacho Jumatatu.

"Bila wewe kazi zilitulemea mno." Najua ulikusudia kusema ana thamani. Yeye atasikia kwamba aliwatesa. Kuna tofauti kati ya kusema mzigo wenu ulikuwa mkubwa na kusema mmekosa ustadi wake. Ya kwanza inawahusu ninyi na inadai msamaha. Ya pili inamhusu yeye na haidai kitu. Jiulize: ni jambo gani moja katika chumba hicho ambalo halikufanyika vizuri kwa miezi 7 kwa sababu yeye hakuwepo? Labda ndiye anayeona tarakimu iliyogeuzwa wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Labda ndiye mwenye kumtuliza mteja aliyekuja na hasira. Andika hilo lenyewe, waziwazi, bila chumvi. Sifa isiyoweza kupewa mtu mwingine yeyote ndiyo inayoaminika. "Tulikukosa sana" inaweza kuandikwa kwa kila mtu, hata kwa aliyetoka likizo ya wiki 2.

Ila usije ukavuka ukaandika "kila kitu kipo kama ulivyokiacha" kama si kweli. Kwa miezi 7 lazima kuna kilichohama: wateja wake wamegawiwa mtu mwingine, mfumo umebadilishwa, labda hata meza. Akija akakuta kinyume cha ujumbe, hatauamini tena hata ule ukweli uliouandika. Taja badiliko moja dogo, lile la kwanza atakalokutana nalo. Mabadiliko makubwa, hasa yanayogusa majukumu yake, yasiingie kwenye ujumbe kabisa. Hayo aambiwe na msimamizi wake ana kwa ana, na ikiwezekana kabla ya Jumatatu.

"Usijichoshe, kazi ngumu tutakufanyia." Hapa ndipo huruma inapokuwa na madhara halisi, kwa sababu mmemwamulia. Hamjui anachoweza na asichoweza. Huenda anaweza hesabu zote lakini hawezi kupanda ngazi mara 4 kwa siku. Huenda ni kinyume chake. Mtu akikuta wenzake wameshamnyang'anya kazi kwa upendo, huona nafasi yake imefutwa polepole, na ni vigumu kulalamika kwa sababu wote wanatabasamu. Kiwango cha kazi ni mazungumzo kati yake, msimamizi na daktari wake.

"Ukihitaji lolote tuambie." Karibu kila mtu huiandika, na karibu hakuna anayeitumia, kwa sababu kazi yote imeachiwa anayehitaji: atafute anachohitaji, achague wa kumwomba, apime kama ni kingi mno, kisha aombe. Toa badala yake kitu kimoja chenye saa na mahali, ambacho ungempa hata mfanyakazi mgeni mwenye afya tele. Kumpitisha kwenye mfumo mpya kwa nusu saa ni mfano mzuri. Kisha mwachie nafasi ya kukataa bila kujieleza.

Ukiviweka vyote hivyo pamoja, ujumbe wako unaweza kuwa hivi:

*"Dada M., Jumatatu tunakuona! Tumefurahi sana, tangu habari zifike chumba kizima kinahesabu siku. Pole kwa kuugua. Miezi yote hii tumelikosa jicho lako wakati wa kufunga hesabu za mwezi, ile namna yako ya kuikamata tarakimu iliyogeuzwa kabla sisi hatujafika ukurasa wa pili. Meza yako iko palepale dirishani. Mfumo wa malipo umebadilika kidogo, kwa hiyo nimetenga saa nne hadi saa nne na nusu Jumatatu nikuonyeshe. Ukipenda siku nyingine, ni sawa. Huna haja ya kujibu ujumbe huu. Tukutane Jumatatu. Sisi sote 11 wa hesabu."*

Ni maneno yasiyofika 90, na huo ndio urefu unaofaa. Ukizidi 120 unaanza kuwa barua, na barua hudai jibu la barua. Angalia pia kwamba haina swali hata moja. Nimefanya hivyo kwa makusudi. "Unajisikiaje?" ni swali jema kutoka kwa mtu mmoja, lakini kwa siku ya kwanza ataulizwa na watu 11, na kila jibu ni masimulizi yaleyale ya miezi 7. Sentensi ya "huna haja ya kujibu" ni zawadi ya kweli kwa mtu ambaye bado anapima nguvu zake. Usiiondoe kwa kuona ni baridi.

Meza na mfumo vilivyomo humo ni mfano wa kwangu. Badilisha uweke vya kwenu vilivyo vya kweli. Na mwite kama mnavyomwita siku zote. Kama kabla ya kuugua mlikuwa mkimwita "Bosi" kwa utani, mwiteni Bosi. Mtu aliyezoea jina la utani akiona ghafla anaitwa kwa jina lake kamili lenye "Ndugu" mbele, anajua kitu kimebadilika kabla hajasoma neno la pili.

Utani wenyewe, lakini, uwe na mipaka. "Likizo ndefu imekwisha sasa" au "umepumzika vya kutosha" zinaonekana nyepesi kwa anayeandika, na zinamchoma anayesoma, kwa sababu zinaugeuza ugonjwa kuwa starehe. Utani uliokuwapo kati yenu kabla ya ugonjwa unaweza kurudi. Utani unaouhusu ugonjwa ni wake peke yake. Akiuanzisha yeye, chekeni naye.

Kuna kipimo kimoja rahisi kabla ya kutuma. Mfikirie mwenzenu mwingine aliyekuwa masomoni mwaka mzima na sasa anarudi. Soma ujumbe wako kama unamwandikia yeye. Kama kila sentensi inamfaa isipokuwa ile moja ya pole, umefika. Kama zaidi ya moja haimfai, hizo za ziada ndizo zenye huruma ya juu kwenda chini, hata kama huioni. Irudie rasimu yako ya kwanza kwa kipimo hiki: zinazobaki ni "bila wewe kazi zilitulemea mno" na "ukihitaji lolote tuambie" tu.

Namna ya kuufikisha ina uzito karibu sawa na maneno. Utume kwake peke yake, si kwenye kundi la ofisi. Ukiuweka kwenye kundi, wenzako 10 wataongeza kila mmoja pole yake kwa upendo, na pole moja uliyoipima kwa makini itakuwa 11 ndani ya dakika chache, kisha atajiona analazimika kumshukuru kila mmoja. Tena, kwenye kundi huwa kuna watu wasiojua alikuwa anaumwa nini au hata kama alikuwa anaumwa, na habari hiyo si yenu kuisambaza. Kama msimamizi anataka kulitangaza kundini, aandike tu kwamba fulani anarudi Jumatatu, neno ugonjwa lisiwemo, na mwenyewe awe ameulizwa kwanza.

Mkiamua kuandika kadi badala ya simu, tatizo la pole 11 ni lilelile. Ujumbe mkuu uandikwe mmoja, na wengine waweke majina na, wakipenda, mstari mmoja juu ya kazi: swali walilokuwa wanamsubiria, au kitu walichojifunza kwake. Waambie mapema, maana mkono wa mtu aliyeshika kadi huandika pole wenyewe.

Kuhusu saa, Jumapili alasiri ndiyo nzuri. Ukituma wiki nzima kabla, unamwongezea siku za kuwaza. Ukituma Jumatatu asubuhi, atausoma akiwa njiani moyo ukimdunda. Na kama kuna wanaopanga kumsubiri mlangoni kwa makofi na vigelegele, aulizwe kwanza kwa sentensi moja: "Ungependa tukupokee kwa shangwe au uingie kimya?" Wapo wanaofurahi kweli. Wapo pia ambao saa ya kwanza wanataka tu kukaa kwenye kiti chao na kuwasha kompyuta.

Uso kwa uso Jumatatu, salamu yako iwe ile ya siku zote: "Habari za leo?" Usimwambie "Unaendeleaje?" kwa sauti ya chini huku umeinamisha kichwa, maana hiyo ndiyo salamu ya wodini. Usitaje mwili wake pia. "Umepungua" na "umenawiri" zote mbili zinamwambia kwamba macho yote yamempima.

Inawezekana atakujibu, na jibu lisiwe la furaha. Tuseme ameandika: "Asante, lakini sijui kama nitaweza." Usikimbilie "utaweza tu, wewe ni jasiri", kwa sababu hapo umemfungia mlango aliojaribu kuufungua. Mwandikie: "Nimekusikia. Nikupigie jioni, au tuongee Jumatatu?" Kisha nyamaza umwache achague. Kama hofu yake inahusu kazi yenyewe, yaani saa, uzito wa majukumu au siku za kliniki, msaidie kufika kwa msimamizi au ofisa anayeshughulikia wafanyakazi mapema, na akubaliane nao kwa maandishi. Ninyi wenzake hamwezi kumwahidi hayo, hata mkiwa 11.

Na akisema halali usingizi, analia kila siku, au haoni sababu ya kuendelea kuishi, ujumbe wa kuandika umefika mwisho wake. Mpigie simu saa hiyohiyo, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, asiachwe peke yake, na afikishwe kwa daktari au hospitali iliyo karibu siku hiyo. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kulisema. Hili msilifanyie siri ya idara, na usilibebe peke yako.

Lakini mara nyingi zaidi atasoma, atatabasamu, na Jumatatu atakuja. Kazi yako iliyobaki ni ya wiki ya tatu, wakati shangwe imekwisha na watu wamesahau, huku yeye ndio kwanza anaanza kuchoka. Siku hiyo nenda mezani kwake na hesabu isiyokubali kulingana, umwambie: "Hebu iangalie hii, mimi imenishinda." Hakikisha tu kwamba imekushinda kweli.